Katuni Inapowaza: Kazi ya Kope, Mboni na Shingo

Gromit ni mbwa wa plastisini, ule udongo laini usiokauka, na hana mdomo. Filamu inaanza hadi inakwisha hajatamka neno. Lakini yeyote aliyeitazama *The Wrong Trousers* ya mwaka 1993 anaweza kukusimulia mbwa huyo alikuwa anawaza nini kila alipotokea: hapa kachoshwa na mambo ya bwana wake, Wallace, hapa kamtilia shaka mpangaji mpya, hapa anaogopa ila hataki ijulikane kwamba anaogopa. Habari zote hizo zimetoka kwenye macho mawili, mkunjo wa udongo ulio juu ya macho hayo, na shingo.

Aliyemuumba, Mwingereza Nick Park, hakukusudia iwe hivyo tangu mwanzo. Alipoanza kumtengeneza, akiwa bado mwanafunzi wa chuo cha filamu, alitaka Gromit awe na sauti. Alipoingia kwenye kazi yenyewe akaona kuchezesha mdomo ni taabu, na zaidi ya hapo akaona hauhitajiki. Alitosha kusukuma kidogo ule mkunjo wa paji la uso na kugeuza jicho, na kila kitu kikaeleweka. Mdomo ukaachwa. *A Grand Day Out*, filamu ya kwanza ya wawili hao, ikatoka mwaka 1989 ikiwa na mbwa bubu, na *The Wrong Trousers* iliyofuata ikatwaa tuzo ya Oscar.

Wenye kazi ya uhuishaji wanaiita kazi hii uigizaji, na wana haki. Tofauti yao na mwigizaji wa jukwaani ni moja tu, lakini ni kubwa. Mwigizaji mwenye damu na nyama hupepesa macho, hupumua na hugeuza shingo bila kujijua. Nusu ya kazi anafanyiwa na mwili wake. Mhusika wa katuni hana mwili wa kumsaidia. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde, na katika kila fremu kope ikishuka, basi kuna mtu aliyeishusha. Asipoishusha, haishuki. Kwa hiyo mhuishaji lazima ajue kitu ambacho sisi wengine tunakifanya maisha yetu yote bila kukijua: mtu anapowaza, macho na kichwa chake hufanya nini, na kwa mpangilio gani.

Kwa nini tunapepesa

Mtu mzima aliyetulia hupepesa kiasi cha mara 15 hadi 20 kwa dakika. Tulifundishwa shuleni kwamba ni kwa ajili ya kulilowanisha jicho, na ni kweli, lakini unyevu peke yake hauhitaji mara nyingi kiasi hicho. Kuna sababu nyingine, na inahusu akili.

Mhariri wa filamu Mmarekani, Walter Murch, aliinusa sababu hiyo alipokuwa akiikata *The Conversation*, filamu ya mwaka 1974. Mwigizaji mkuu alikuwa Gene Hackman. Murch alikuwa akichagua mahali pa kukata picha kwa hisia tu, na akashangaa kuona kwamba mara kwa mara mkato wake ulikuwa unaangukia karibu kabisa na pale Hackman alipopepesa. Akafikia uamuzi kwamba mtu hupepesa pale wazo moja linapokwisha na jingine kuanza. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo yanayokaribiana na hayo. Waliwaonyesha watu vichekesho vya Mr. Bean, wakakuta kwamba watazamaji walielekea kupepesa kwa pamoja, hasa pale tendo fulani lilipokuwa limemalizika na jingine halijaanza.

Kwa mhuishaji, hilo ndilo jambo la kushika. Kupepesa ni alama ya nukta. Mhusika akisikia habari, akaielewa, akapepesa, sisi watazamaji tunajua imeingia. Akiisikia asipepese, tunajua bado ameishikilia, au ameikataa.

Ndiyo maana mpangaji wa kwenye *The Wrong Trousers*, pengwini mwizi, anatisha ingawa ni kidude kidogo cha kuchekesha. Macho yake ni nukta mbili nyeusi. Hana nyusi, hana mdomo wa kucheka wala kununa. Muda mrefu anakaa tu, anakutazama. Kisha anapepesa mara moja, na mtazamaji anahisi kwamba hesabu fulani imekamilika ndani ya kichwa kile. Angepepesa kila baada ya sekunde mbili angekuwa ndege tu.

Kope inavyoshuka na kupanda

Sasa tuisogelee kope yenyewe. Kupepesa kwa kawaida huchukua kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu nne za kumi za sekunde, yaani kama fremu tatu hadi tisa. Mhuishaji akiwa na fremu saba, anaweza kuzigawa hivi: katika fremu ya kwanza kope ya juu imeshuka nusu, ya pili na ya tatu jicho limefumba, ya nne kope imeinuka robo, ya tano nusu, ya sita robo tatu, ya saba jicho liko wazi.

Angalia kwamba kushuka kumechukua fremu mbili na kupanda kumechukua nne. Hiyo ndiyo siri. Jicho hufumba haraka kuliko linavyofumbua. Anayeanza kazi huzigawa sawa kwa sawa, nusu ya kushuka na nusu ya kupanda, na mhusika wake anaonekana kama ana mashine ndani ya fuvu. Pia kope ya juu ndiyo inayosafiri. Ya chini hupanda kidogo sana. Na mboni haikai pale pale: kope ikishuka, mboni nayo huzama kidogo, kisha hurudi.

Ukibadilisha idadi ya fremu, unabadilisha hali ya mtu. Kope ikishuka polepole kwa fremu nane na kupanda kwa kumi, huyo ana usingizi, au amelewa, au anamsikiliza mtu anayemchosha. Akipepesa mara mbili upesi, kitu kimemshangaza na hajaamini. Ikishuka nusu ikaishia hapo, anadharau au anapima. Mhuishaji hajagusa mdomo, na hajaandika neno hata moja.

Jicho linaruka, haliteleza

Simama mbele ya rafiki yako umwombe asome maandishi ya ukutani huku ukimtazama machoni. Utaona kwamba mboni zake haziendi kwa mwendo laini. Zinaruka, zinatua, zinaruka tena. Kila mruko hukamilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo kwenye filamu hupewa fremu moja au mbili tu. Jicho huenda kwa mwendo laini pale tu linapofuata kitu kinachosogea, kama ndege anayepita au mpira unaobingirika.

Kosa la kutelezesha macho ni rahisi sana kulifanya kwenye kompyuta, kwa sababu programu yenyewe ndiyo inayojaza fremu za katikati. Mhuishaji anaweka jicho kushoto, anaweka jicho kulia, na kompyuta inalisogeza taratibu kutoka huku hadi kule. Matokeo yake ni mtu aliyepigwa dawa ya usingizi. Dawa ya kosa hilo ni kufuta fremu zote za katikati isipokuwa moja, au kuzifuta zote.

Baada ya mruko huja kituo, na kituo ndicho kinachobeba wazo. Mtu anayemtazama mwenzake kwa karibu hakazi macho mahali pamoja; hutazama jicho hili, kisha lile, kisha mdomo, kisha hurudi. Mhuishaji mzuri huigiza miruko hiyo midogo sana, lakini vituo vyake havilingani: fremu tano hapa, kumi na nne pale, nane kule. Vikilingana, mtazamaji hatajua kwa nini, ila ataona kuna kitu si sawa.

Je, mwelekeo wenyewe una maana? Watu wengi wameambiwa kwamba anayetazama juu upande wa kulia anasema uongo. Dai hilo lilipimwa na watafiti mwaka 2012 na halikuthibitika. Maana ya mtazamo haitoki kwenye upande. Inatoka kwenye kitu kilicho upande huo. Mhusika akitupa jicho mlangoni, anataka kutoka au anamngoja mtu. Akitazama mfuko wa mwenzake, tunajua anachokitaka. Kwa hiyo mtazamaji lazima awe ameshaoneshwa mlango au mfuko huo. Kama hajaoneshwa, jicho limeenda mahali pasipo na kitu na wazo limepotea.

Tena, kope huandamana na mboni. Ukitazama chini, kope ya juu inashuka nayo. Ukitazama juu, inapanda. Jicho likiwa limetulia, kope ya juu hufunika ukingo wa juu wa kile kiini cheusi au cha rangi. Weupe ukionekana kuzunguka kiini chote, huyo amekodoa, ana hofu au amepagawa. Mhuishaji anayeshusha mboni na kusahau kope humfanya mtoto mpole aonekane kichaa. Na anayesahau kwamba macho mawili hukutana kwenye kitu kimoja humpata mhusika anayemtazama mwenzake kama vile anatazama ukuta ulio nyuma yake.

Kichwa kinafuata

Mtu akiitwa jina, macho ndiyo yanayotangulia. Fremu mbili hadi nne baadaye kichwa kinafuata, kisha mabega, kama kuna haja ya mabega. Mpangilio huo ndio unaotuambia kwamba mtu ameamua kugeuka. Kichwa na macho vikiondoka pamoja, anaonekana amegeuzwa na mtu mwingine.

Lakini mpangilio unaweza kupinduliwa kwa makusudi. Kichwa kikigeuka kwanza huku macho yakibaki nyuma kwa fremu sita au saba, tunamwona mtu ambaye mwili umeitika lakini akili bado iko kwenye jambo la awali. Mume anaitwa mezani, kichwa kinageuka kwa mkewe, macho bado yamo kwenye simu. Kila mtu ndani ya nyumba anajua maana yake.

Kichwa hakigeuki kwa mstari ulionyooka pia. Kinapotoka kushoto kwenda kulia, kidevu huzama kidogo katikati ya safari kisha hupanda, na mara nyingi ndipo macho hupepesa. Kichwa kisichozama huonekana kimefungwa kwenye ekseli.

Halafu kuna miondoko midogo isiyokwenda popote. Kidevu kikisogea mbele kwa kiasi cha upana wa kidole, mtu amevutiwa au anataka ugomvi. Macho ndiyo yatakayosema ni kipi. Kikirudi nyuma kiasi hicho hicho, ana shaka. Kichwa kikilala upande kidogo, anasikiliza kwa huruma au anajaribu kuelewa. Digrii tano zinatosha. Digrii 20 ni za vichekesho.

Uwezo wa kichwa peke yake ulionekana wazi mwaka 1986, John Lasseter alipoonyesha *Luxo Jr.*, filamu ya dakika kama mbili ya taa mbili za mezani, moja kubwa na moja ndogo. Taa hazina macho. Zina kofia ya balbu inayoinama na kuinuka. Baada ya maonyesho yake kwenye mkutano wa wataalamu wa picha za kompyuta, mmoja wao, Jim Blinn, alimfuata Lasseter na swali. Lasseter alitegemea kuulizwa mambo ya hesabu za vivuli. Blinn akataka kujua kama ile taa kubwa ni baba au ni mama.

Sudi na nyama ya sufuriani

Tuviweke vyote pamoja kwenye onyesho moja fupi la kubuni. Sudi, mtoto wa miaka minane, ameketi mkekani anaandika kwenye daftari. Upande wake wa kulia kuna sufuria. Upande wa kushoto, karibu na mlango, amelala paka. Mama amesimama mbele yake, na amemaliza kuuliza: "Sudi, nani kala nyama ya humu?" Tuna sekunde tatu, yaani fremu 72, kabla Sudi hajajibu.

Fremu ya 1 hadi ya 10, Sudi hafanyi kitu. Macho yako kwenye daftari, ila kalamu imesimama. Ni chini ya nusu sekunde, lakini inatosha kutuambia kwamba amesikia. Fremu ya 11 na ya 12, macho yanaruka kwenda kwa mama, na kope zinapanda nayo. Kichwa bado kimeinama. Kuanzia ya 14 hadi ya 19 kichwa kinafuata. Anamtazama mama mpaka fremu ya 28.

Fremu ya 29 na ya 30 macho yanaruka kwenda kwenye sufuria. Kichwa hakisogei hata kidogo. Yanakaa huko fremu tano tu. Hapo ndipo tumemkamata: kichwa kinaweza kujizuia, lakini macho yamekwenda mahali akili ilipo. Kisha, fremu ya 36 hadi ya 42, anapepesa, fremu saba zile tulizozigawa juu. Wakati jicho limefumba mboni zinahamishwa, na jicho linapofumbuka linatazama sakafuni. Wazo la kwanza, la hofu, limekwisha. La pili limeanza.

Fremu ya 43 hadi ya 54 macho yako chini, lakini hayakutulia. Yanaruka mara mbili, miruko midogo sana. Mtoto anatunga. Fremu ya 55 na ya 56 yanaruka kwenda kwa paka, na safari hii yanakaa fremu nane, zaidi ya zile za sufuria, kwa sababu amepata alichokuwa anakitafuta. Kope zinafunguka kidogo zaidi na kichwa kinainuka digrii mbili. Fremu ya 65 hadi ya 71 anapepesa tena huku kichwa kikipanda, na jicho linapofumbuka limo ndani ya macho ya mama. Fremu ya 72 ametulia. Kisha anasema: "Paka."

Mtazamaji anacheka kabla neno halijatoka, kwa kuwa ameshamwona akilitafuta.

Sasa jaribu kubadilisha. Ondoa ule mruko wa kwenye sufuria, mengine yote yaache. Sudi si mwizi tena. Ni mtoto aliyeulizwa, akafikiri, akamkumbuka paka. Rudisha mruko huo, lakini uuweke baada ya neno "Paka" badala ya kabla yake. Sasa ni mwongo anayeogopa kwamba uongo haujashika. Futa mipepeso yote miwili, akaze macho kwa mama tangu fremu ya 12 hadi mwisho, kisha aseme neno lile lile kwa sauti ile ile. Hapo tuna mtoto jeuri, na mama anajua, na yeye anajua kwamba mama anajua. Watoto hao watatu wana neno moja. Wametofautiana kwa fremu chache za macho.

Mahali kanuni zinapokoma

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa Marekani na Uingereza, na mtazamo wa chini ndani yake mara nyingi ni aibu au hatia. Kwetu mtoto anayeongeleshwa na mkubwa huinamisha macho kwa adabu, na anayemkazia mama yake macho ndiye mwenye kosa. Mhuishaji wa Dar es Salaam au Mombasa akifuata kitabu bila kufikiri, mtoto wake mwenye adabu atasomeka kama mwizi, au mtoto wake mwaminifu atasomeka kama hana malezi. Njia ya kuzitenganisha ipo. Macho ya adabu hushuka pamoja na kichwa, hutua mahali pamoja na kutulia. Macho ya hatia hushuka yenyewe, kichwa kikabaki, nayo hayatulii.

Umbali nao una sheria yake. Mhusika akionekana mzima, kutoka utosini hadi miguuni, macho yake kwenye runinga ni madogo kuliko punje ya mtama, na kupepesa hakuonekani. Hapo kazi inahamia kichwani na mabegani, au kamera isogee. Mhuishaji anayetia miruko mizuri ya macho kwenye picha ya mbali amepoteza siku nzima kwa kitu kisichoonekana na mtu.

Kuna pia hatari ya kuzidisha. Baadhi ya programu zinaweza kumpepesesha mhusika zenyewe kila baada ya muda fulani, na studio yenye haraka hushawishika kuziachia. Matokeo ni mhusika anayepepesa katikati ya neno zito, au pale alipopaswa kukaza macho. Anayepepesa bila sababu huonekana hana anachowaza, sawa na yule asiyepepesa kabisa. Vivyo hivyo kichwa kinachoyumba kwa kila silabi: mtazamaji anachoka kukifuata, na siku kikitikisika kwa maana haoni tofauti.

Kwa hiyo wenye uzoefu hawaanzi na kope. Huanza kwa kuandika, kwa maneno ya kawaida, orodha ya mawazo ya mhusika kwenye onyesho hilo. Ya Sudi ni manne: nimeitwa, anajua habari ya sufuria, niseme nini, paka. Kisha hujirekodi wenyewe kwa simu wakiigiza orodha hiyo, na kuitazama video fremu kwa fremu ili waone macho yao yaliondoka lini na kichwa kilifuata lini. Mawazo manne hayahitaji mipepeso kumi. Hapa yametosha mipepeso miwili.

Kama una mtoto anayechora na kuhuisha kwenye simu au kompyuta, au kama unanunua na kurusha vipindi vya katuni, kipimo ni rahisi. Zima sauti. Tazama sura moja kwa karibu kwa sekunde kumi, kisha useme mhusika anawaza nini na wazo lake limebadilika wapi. Ukiweza, huyo ameigizwa. Usipoweza, sauti nzuri na rangi nzuri hazitamwokoa, na kazi irudishwe mezani.